Mfumo Usiokosea

Mimi ndiye niliyesema binti afukuzwe. Naliweka hilo mbele kabisa, asije mtu akanisifu njiani halafu akajuta. Nililisema Jumatatu saa tano asubuhi, mbele ya ofisi nzima, na siku hiyohiyo nikaliandika kwa kalamu.

Mimi ni mkuu wa ankara katika kampuni inayouza na kutengeneza majokofu na vyumba vya baridi. Wateja wetu ni mabucha, hospitali, waoka mikate, wauza maua. Fundi akitoka kazini anarudi na kadi ya kazi: amefanya nini, lini, kwa vipuri gani. Kadi inakuja kwangu na wasaidizi wangu wawili, tunaigeuza kuwa ankara kwenye kompyuta, tunaiposti, yaani tunaisukuma iingie kwenye leja ili mteja ahesabiwe kuwa anadaiwa, kisha tunaichapisha na kumpelekea mwenyewe. Nimeifanya kazi hiyo miaka ishirini na sita. Wananiita Mama Pilipili, na wanadhani sijui.

Binti mwenyewe tulimwita Miwani, kwa sababu ana miwani mikubwa inayomshuka puani kila akiinama. Aliajiriwa kuuangalia mfumo wetu wa kompyuta baada ya yule fundi wa zamani aliyeutengeneza kuondoka kwenda kufungua ofisi yake. Alikuja kwa majaribio ya miezi mitatu, na wiki hiyo ninayoisimulia ilikuwa ya mwisho. Mwisho wa majaribio kuna fomu yenye visanduku vitatu: athibitishwe, aongezewe muda, aachishwe. Fomu hiyo inajazwa na mkuu wa ankara, maana sisi ndio tunaoutumia mfumo kuliko wote, halafu meneja wa fedha anaamua.

Sasa hiyo Jumatatu. Ilikuwa tarehe nne ya mwezi. Mezani nina rundo la kadi za mafundi waliokuwa mikoa ya mbali, kadi za siku za mwisho za mwezi uliopita, zile zinazochelewa kila mara kwa sababu ya barabara na kwa sababu mafundi ni mafundi. Naingiza ya kwanza, nabonyeza kuposti, natega mkono kwenye mashine ya kuchapa. Kimya. Natazama kioo cha kompyuta, naona maandishi mekundu. Nikaiacha, nikaenda ya pili. Nyekundu. Ya tatu, kadi ya tarehe mbili ya mwezi huu iliyojichanganya humo, ikapita kijani, nikashusha pumzi, ya nne nyekundu tena. Kufika saa tano nilikuwa na ankara kumi na mbili zilizogoma, msaidizi wangu mmoja ana tano za kwake, na dereva wa kupeleka ankara amekaa kwenye ngazi anakula karanga.

Miaka minne, jamani! Miaka minne mfumo ule haukunionyesha nyekundu hata siku moja. Meneja aliwahi kuusifu kwenye mkutano wa mwaka, akasema kampuni nyingine zinalia na mifumo yao, sisi wetu haukosei. Na mimi nilikaa pale mbele nikipokea sifa kana kwamba nimeuzaa.

"Nani ameugusa mfumo?" nikauliza kwa sauti ya kuamsha mtaa.

Binti akainuka kule pembeni. "Mimi, Mama. Niliubadilisha jana jioni. Nilikutumia ujumbe."

"Ujumbe! Mimi nimekaa hapa kusoma ujumbe au kutoa ankara? Umekuja juzi, hujajua hata choo kiko wapi, umeshatuharibia kazi?"

"Sijaiharibu, Mama. Ukisoma hayo maandishi—"

"Sisomi! Nataka nilichokuwa nacho Ijumaa. Kama hujui, sema hujui, aje anayejua."

Nilimpa vidonge vyake mpaka mwenyewe nikaishiwa pumzi. Hakunijibu vibaya. Alisimama pale ameshika kiti, macho yamemjaa maji nyuma ya ile miwani, lakini hakulia na hakukubali. Hilo ndilo lililonichoma zaidi, kwamba hakukubali.

Meneja wa fedha akatoka ofisini kwake kusikiliza kelele. Ni kijana kwangu, nimemwona akianza kazi akiwa na tai ya kuazima, lakini cheo ni cheo. Akasikiliza pande zote mbili, ambazo kusema kweli zilikuwa upande wangu mara mbili. Kisha akamgeukia binti.

"Huu mfumo ulikuwa unafanya kazi. Kwa nini umeugusa?"

"Haukuwa unafanya kazi, bosi. Ulikuwa unasema umefanya. Kuna mahali hitilafu zilikuwa zinafichwa. Nimeandika ripoti."

"Nani aliagiza zifichwe?"

Binti akatazama sakafu. "Sijui, bosi."

"Basi rudisha kama ulivyokuwa. Nakupa mpaka keshokutwa saa sita mchana. Ankara za wateja haziwezi kusubiri."

"Nikiurudisha, bosi, utaendelea kukosea. Utaacha tu kutuambia."

Meneja akaangalia saa yake. "Keshokutwa saa sita," akasema, akarudi ndani. Nami nikaenda droo yangu, nikatoa ile fomu, nikatia alama kwenye kisanduku cha tatu, nikabonyeza kalamu mpaka karatasi ikatoboka.

Jioni nyumbani nikawa bado nawaka. Mume wangu ni dereva mstaafu, siku hizi jiko ni lake, nami sigombani na hilo. Alikuwa anamenya vitunguu. Nikamsimulia yote nimesimama, na mkoba ningali nao begani: binti, nyekundu, ripoti, fomu.

"Na hizo nyekundu zilikuwa zinasema nini?" akauliza.

"Zilikuwa nyekundu!"

"Nimesikia rangi, mama watoto. Nauliza maneno."

Kwa kweli nilikuwa sijasoma. Ankara kumi na mbili zimegoma mbele ya uso wangu na sikusoma hata moja. Nikamwambia ashughulike na vitunguu vyake, akacheka mpaka akashika kiuno. Niliona aibu, na aibu kwangu inakuja na hasira, kwa hiyo nikanuna mpaka tukalala.

Jumanne niliwahi kufika. Nikafungua ankara ya kwanza kati ya zilizogoma, nikavaa miwani yangu ya kusomea, nikasoma. Iliandikwa: Ankara haijapostiwa. Tarehe ya ankara iko kwenye mwezi uliofungwa.

Hapo inabidi nieleze. Kila mwezi ukiisha, tarehe tatu wahasibu wanaufunga kwenye leja, ili mtu asije akapenyeza kitu nyuma baada ya hesabu kukamilika. Ni jambo jema. Na mimi nina utaratibu wangu ambao nauheshimu kama maisha yangu: ankara naiandika kwa tarehe ya kazi, siyo tarehe ambayo kadi imenifikia. Fundi alifanya kazi tarehe ishirini na nane, ankara itasema ishirini na nane, hata kadi ikija tarehe tano. Wasaidizi wangu nimewafundisha hivyo na aliyekaidi amelia. Sasa naambiwa leja haikubali tarehe hiyo kwa sababu mwezi umefungwa. Ni kweli, haikubali, wala haipaswi kukubali.

Nikakaa kitini. Kama leo leja imekataa kadi za kuchelewa, kwa nini miaka minne yote ilikuwa inazikubali?

Binti alipoingia nikamwita. Akaja taratibu, amekumbatia kompyuta yake ndogo. Nikamvutia kiti. Nadhani kile kiti kilimwogopesha kuliko kelele za jana.

"Nimesoma," nikamwambia. "Nieleze. Lakini usinieleze kikompyuta."

Akaisukuma miwani juu. "Mama, nikikwambia tu hutaniamini. Chagua ankara moja ya kuchelewa. Unayoikumbuka wewe mwenyewe, uliyoiposti kwa mkono wako."

Sikuhitaji kufikiri. Mwaka jana, benki ya damu ya hospitali moja ya mbali, kompresa ya chumba cha baridi iliungua. Fundi wetu mmoja mrefu alikwenda na kompresa mpya nyuma ya gari, akakesha nayo siku mbili, damu haikuharibika hata chupa moja. Akakwama njiani akirudi, kadi ikanifikia tarehe sita. Ile ankara niliiandika kwa fahari. Namba yake ninayo kichwani, nikamtajia.

Akaifungua upande wa mauzo. Ipo, kila mstari, na jina langu kama mwingizaji. "Hii ndiyo uliyoichapisha," akasema. "Karatasi inatoka huku, kwenye mauzo. Ndiyo maana ilitoka vizuri na mteja akaipata. Sasa tuangalie kwenye leja."

Akafungua akaunti ya ile hospitali kwenye leja, akatafuta namba. Hakuna. Akatafuta kwa kiasi, kwa tarehe, hakuna. Nikamnyang'anya kipanya nikatafuta mwenyewe, nikashuka nikapanda, nikashuka tena. Ankara haikuwepo. Kilichokuwepo ni malipo yao kamili, yamekaa peke yake, pembeni yameandikwa: malipo ya ziada.

Yale malipo ya ziada niliyakumbuka. Nilimpigia simu mhasibu wa ile hospitali mimi mwenyewe, kwa sauti ya ukarimu, nikamwambia mna fedha nyingi kwetu, mmelipa kisichodaiwa. Akaniambia hapana mama, tumelipa ankara yenu ya kompresa. Nikamwambia ankara hiyo kwenye leja haipo. Akasema anayo mkononi. Nikamwambia basi aisome vizuri, huenda ni ya kampuni nyingine. Mungu wangu. Na yule fundi mrefu, ambaye marupurupu yake, kama ya mafundi wote, yanatolewa kwa kuhesabu ankara zilizo kwenye leja, alikuja mara mbili kulalamika kwamba kazi ya benki ya damu haimo. Nikamjibu kwamba kompyuta haina chuki na mtu. Wasaidizi wangu walicheka, naye akaondoka na kofia yake mkononi.

"Niliona kijani," nikamwambia binti. Sauti yangu yenyewe sikuitambua. "Naapa niliona kijani."

"Uliona kijani, Mama. Hukukosea. Kijani ndiyo iliyokosea."

Akanichorea kwenye karatasi. Mfumo ukibonyezwa kuposti, unaambiwa: jaribu kuiingiza hii kwenye leja. Leja ikikataa, hainyamazi, inarusha hitilafu, yaani inapiga kelele na kusema sababu. Chini yake kuna mahali pametengwa pa kuidaka hiyo hitilafu, na hapo ndipo mtengenezaji anapoandika la kufanya: mwambie mtumiaji, usichapishe, weka kumbukumbu. Kwetu hapo pa kudakia palikuwa patupu. Hitilafu inadakwa, inaishia hapohapo, na mfumo unaendelea na mstari unaofuata kana kwamba hakuna lililotokea. Na mstari unaofuata ulikuwa ule wa kijani: Ankara imepostiwa.

"Kwa hiyo imefaulu, imeshindwa, kijani ni ileile?"

"Ileile."

"Na kumbukumbu?"

"Hakuna hata herufi. Ingekuwepo, mtu angeshaiona."

"Lakini ripoti za mauzo? Orodha ya madeni? Wakaguzi?"

"Zote zinatoka kwenye leja, Mama. Leja ilikuwa inalinganishwa na leja. Hakuna aliyewahi kuchukua ankara zilizochapishwa akazilinganisha nayo."

"Wewe umefanya hivyo."

"Wiki ya pili tangu nije." Akafungua orodha. "Kati ya ankara elfu ishirini na sita na kitu za miaka minne, mia tatu na kumi na nane zilichapishwa na hazimo kwenye leja. Nyingi ni za tarehe za mwezi uliofungwa. Chache ni za wateja ambao akaunti zao hazikuwekewa kundi la kodi."

"Wiki ya pili! Na ukanyamaza?"

Akaniangalia, na kwa mara ya kwanza nikaona kacheko kadogo. "Nilikuja hapahapa mezani, Mama. Uliniambia mfumo huu haujakosea miaka minne, nisikuletee mambo ya shule. Nikakuandikia barua pepe mbili."

Nikakumbuka. Barua pepe nilizifuta bila kuzifungua.

Niseme wazi jinsi nilivyojisikia: nilimhusudu yule mtoto. Mimi nina miaka hamsini na nane, nina sauti ya kufukuza ng'ombe, na sijui kama ningeweza kusimama mahali alipokuwa amesimama jana. Aliijua kweli peke yake, ofisi nzima ikamzomea, bosi akampa saa ya mwisho, na hakuirudisha ile kijani. Kwake ilikuwa rahisi sana kuirudisha. Angebonyeza mara mbili tatu, sote tungempenda, na mimi ningetia alama kwenye kisanduku cha kwanza.

"Kwa nini hukuirudisha?" nikamuuliza.

"Nilikotoka niliwaambia jambo kama hili, wakaniambia niache. Nikaacha. Baadaye lilipolipuka, aliyeondolewa ni mimi." Akavua miwani akaifuta kwa upindo wa blauzi. "Nikiondoka na hapa, itakuwa mara ya pili kwa mwaka mmoja na nusu. Kila nitakapoomba kazi wataniuliza tatizo ni nini. Nalijua hilo. Lakini nikiirudisha, kila ankara utakayoiposti nitakuwa nimekudanganya mimi, kwa mkono wangu. Yule wa kwanza huenda hakujua matokeo. Mimi najua."

Nikainuka nikaenda dirishani nikajifanya natazama gari. Nilipotulia nikarudi. "Haya. Nionyeshe alipofanyia huo upuuzi. Nataka kupaona kwa macho yangu, halafu nimpigie simu huyo fundi nimwambie anavyostahili."

"Si lazima, Mama. Nimeshakuchorea."

"Nionyeshe."

"Ni mistari ya kompyuta tu, haitakusaidia."

"Binti. Fungua."

Alisita kweli. Mkono wake ulikaa juu ya kompyuta muda mrefu kuliko inavyohitajika kufungua kitu. Mwisho akafungua, akanigeuzia. Mistari mingi ya vitu nisivyovijua, kisha pale patupu. Kumbe hapakuwa patupu kabisa. Mafundi wa kompyuta wanaweza kuandika neno la kawaida katikati ya kazi yao, la kumwachia fundi mwenzao. Kompyuta inaliruka, haliihusu. Yule fundi wa zamani alikuwa ameacha neno, na tarehe yake ya miaka minne iliyopita:

Mama Pilipili hataki kuona nyekundu. Akiiona ananifuata mpaka chooni. Usiguse.

Nililisoma mara tatu. Kila kitu kikanirudia. Mfumo ulikuwa mpya, kila siku nyekundu, kila siku namvizia yule kijana wa watu kwenye korido, kwenye ngazi, na ndiyo, mlangoni mwa choo. Siku moja nikamshika mkono mbele za watu nikamwambia: "Sitaki kuona nyekundu mezani kwangu tena. Fanya unavyojua." Akafanya alivyojua. Kesho yake nyekundu hakuna, nikamnunulia chakula cha mchana, na nikawatangazia wote kwamba watu wa kompyuta ukiwabana wanatoa kazi.

Kwa hiyo aliyeagiza zifichwe alikuwa mimi. Si kwamba nilijua, lakini niliagiza.

Nikamgeukia binti. Alikuwa anatazama magoti yake.

"Hili neno uliliona lini?"

"Wiki ya pili."

"Lete ripoti uliyompa meneja."

"Mama, tuachane na—"

"Lete."

Ilikuwa kurasa nne, nadhifu, kila hesabu mahali pake. Ukurasa wa pili aliandika: Sehemu ya kudaka hitilafu iliachwa tupu na mtengenezaji wa awali. Sababu haijulikani.

"Sababu haijulikani," nikasoma kwa sauti. "Sababu imeandikwa pale na jina langu. Jana bosi amekuuliza waziwazi nani aliagiza, mimi nimesimama pembeni yako nakutukana, ukasema hujui. Ungesema neno moja tu ungetoka salama."

"Nilijua umebakiza miaka miwili kustaafu." Aliongea polepole, anatafuta maneno. "Na hukumwagiza afiche. Ulimwagiza arekebishe. Yeye ndiye aliyechagua. Sikuona kwa nini ulipe wewe. Mimi bado kijana, nitapata kazi."

"Wewe umetoka kuniambia hutapata!"

Nikamtazama yule mtoto, na moyo wangu ukawa unauma na kucheka kwa pamoja.

"Yaani wewe," nikamwambia, "unayekataa mfumo umeze kosa, ukaenda ukalimeza la kwangu. Likapita kijani."

Akainua uso ghafla. Hilo hakuwa amelifikiria, niliona jinsi lilivyomwingia. "Mama, si—"

"Ndilo hilohilo. Nichapishie huo ukurasa. Wenye neno la chooni."

"Mama, tafadhali."

"Chapisha, mwanangu, kabla sijakufuata mimi mpaka huko."

Sikwenda kwa meneja siku hiyohiyo, sitadanganya. Nilikwenda nyumbani nikapika mwenyewe, jambo lililomshtua mume wangu mpaka akazima redio. Nikamwonyesha karatasi. Aliisoma, akacheka alipofika kwenye neno la choo, halafu akaacha kucheka. "Wanaweza kukupumzisha mapema," akasema. Nikamwambia najua. Nilikuwa na hofu ya kweli. Mkopo wa paa la nyumba bado sijaumaliza, na jina langu pale kazini ni kitu nilichokijenga siku kwa siku. Akanisogezea kiti, tukala bila kuongea sana.

Jumatano saa nne nikagonga kwa meneja. Fomu yangu ilikuwa mezani kwake, na juu yake barua iliyochapwa, ya kumwachisha binti, imebaki sahihi tu.

"Mama, afadhali umekuja. Mpaka sasa hajarudisha."

"Hatarudisha, na asirudishe." Nikaweka karatasi mbele yake, orodha ya ankara mia tatu na kumi na nane chini, ukurasa wa yale maneno juu. "Juzi uliuliza nani aliagiza hitilafu zifichwe. Ni mimi."

Nilimweleza yote, la benki ya damu, la mhasibu niliyemwambia asome vizuri, la fundi mrefu na marupurupu yake. Sikujipunguzia lawama. Mara mbili alitaka kunikatisha nikamwinulia mkono, kwa maana ningesimama katikati nisingeweza kuanza tena. Nilipomaliza akasoma ule ukurasa, akauweka, akauchukua akausoma tena. Mdomo ulimcheza kidogo, akajizuia.

"Yeye alijua ni wewe?"

"Tangu wiki ya pili."

"Na juzi akaniambia hajui?"

"Alikudanganya, ndiyo. Kwa ajili yangu, nikiwa namzomea. Mgombeze kwa hilo, anastahili. Halafu mthibitishe." Nikachukua kalamu yake mwenyewe mezani, nikakata alama yangu kwenye kisanduku cha tatu, nikatia nyingine kwenye cha kwanza, nikaandika jina langu pembeni kuonyesha ni mimi niliyebadilisha. "Mtu kama yule hatumpati tena. Kama kuna barua ya kuandikwa hapa, andika yangu."

Kisha akaivuta ile barua ya kumwachisha, akaichana mara mbili, akatia vipande kwenye kapu. Nilishusha pumzi kwa sauti mpaka nikaona haya.

"Lakini yako lazima niandike, Mama," akasema bila kuniangalia. "Mia tatu na kumi na nane ni nyingi. Siwezi kulipitisha hili hivihivi."

"Usilipitishe."

Nikaingoja palepale. Barua ya onyo, ya kwanza katika miaka ishirini na sita, na ukuu wa ankara nimeupoteza mpaka ankara zote zile zisawazishwe kwenye leja, kisha watatazama tena. Nilitia sahihi ya kuipokea.

Binti alikuwa amesimama karibu na mlango, hata hajifanyi anapita. "Wamesemaje?"

"Wewe unabaki. Kuna kugombezwa kidogo, vumilia."

Akashika mdomo. "Na wewe?"

Nikampa barua aisome. Machozi aliyoyazuia Jumatatu yote yakamtoka, miwani ikajaa ukungu, akaanza kusema samahani Mama, samahani Mama, mbele ya wote. Wasaidizi wangu wakaacha kuandika. Dereva naye akasimama na karanga zake. Nikamkumbatia, ni mwembamba kweli, halafu nikamshika mabega nikamsogeza mbali kidogo nimwone usoni.

"Hujanifanyia kosa lolote," nikasema kwa sauti, kila mtu asikie. "Katika ofisi nzima hii ni wewe tu uliyeniambia ukweli, na mimi nikaomba ufukuzwe. Samahani ni ya kwangu."

Kisha nikaenda kwenye meza yangu, nikampigia simu fundi mrefu kwanza, ndiye niliyemwogopa zaidi. Hakunikatia simu. Alisikiliza, akauliza kama marupurupu yatalipwa na ya nyuma, nikamwambia hata kama ni kutoka mfukoni mwangu. Akasema, "Basi yameisha, Mama." Nikashindwa kuongea, nikakata mimi.

Nilipogeuka, binti alikuwa ameshavuta kiti chake mpaka ubavuni pangu. Ameniwekea sehemu mbili za tarehe kwenye ankara, moja ya kazi na moja ya kuposti, ili kadi ya kuchelewa ibaki na siku yake ya kweli na leja nayo iridhike. Ile orodha ndefu ameishika mkononi, na rula chini ya mstari wa kwanza.

"Nisome?" akauliza.

"Soma," nikamwambia.